Ugomvi wa kila jioni juu ya kazi za shule: namna ya kuumaliza, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 9, yuko darasa la 4, na mama yake. Saa 1:30 usiku mama anaita: "Haya, leta daftari." Binti anajibu "nakuja", haji. Anaitwa tena. Anafika na begi, lakini kalamu haionekani. Kalamu ikipatikana, anasikia kiu. Akirudi kunywa maji, anauliza kama kesho kuna michezo. Hesabu tatu za kwanza anazimaliza vizuri. Ya nne ni 96 kugawanya kwa 7, na hapo mkono unasimama. Mama anainama juu ya daftari: "Si mmefundishwa leo hii?" Binti ananuna. Mama anapandisha sauti. Binti analia, anasema yeye ni mjinga na shule haitaki. Saa 3:15 usiku mama mwenyewe anataja jibu, binti anaandika, daftari linafungwa, na wote wawili wanalala wamekasirika.

Kesho yake yanarudiwa yale yale, na wengi humalizia hapo kwa kusema mtoto ni mvivu au mzazi hana subira. Mimi naona jibu liko kwenye kile ambacho kila mmoja anakipata kutokana na ugomvi. Mtoto alikuwa mbele ya swali linalomtisha. Alipolia, swali liliondoka, kwa kuwa mama alitaja jibu. Mama naye alikuwa amechoshwa na kuitaitana. Alipofoka, mtoto alikaa kitako. Kilio kimemlipa mmoja, ukali umemlipa mwingine, na jambo linalolipa hurudiwa hata na mtu asiyelipenda. Mwanasaikolojia Gerald Patterson, aliyechunguza familia kwa miaka mingi huko Oregon, Marekani, aliueleza mzunguko huu kwa kina katika kitabu chake cha 1982: mzazi na mtoto hufundishana, bila kujua, kwamba anayezidisha ndiye anayepata.

Kwa hiyo ratiba nzuri ukutani haitoshi peke yake. Lazima ugomvi uache kulipa. Mgawanyo ninaoutetea ni huu: mzazi anashika mwanzo na mwisho wa kazi, yaani saa ya kukaa na saa ya kufunga daftari. Katikati, yaani kuandika, kukosea, kufuta na kuandika tena, ni mali ya mtoto. Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu mambo yamegeuzwa: mwanzo na mwisho vinaelea, huku mzazi akiishika ile katikati ambayo si yake.

Kwanza, tazama siku tano bila kubadili kitu

Chukua karatasi, na kila jioni andika mambo manne: saa uliyoita mara ya kwanza, saa ambayo kalamu iligusa daftari, somo na swali lililokuwa mbele ya mtoto ugomvi ulipoanza, na jinsi ulivyoisha. Usiandike maoni kama "leo alikuwa mkaidi". Andika kilichoonekana na kilichosikika.

Mama wa binti yetu aliandika, na karatasi ikamwonyesha mambo mawili. La kwanza, katika karibu saa mbili za kila usiku, muda wa kuandika hasa ulikuwa dakika 25 hivi. Uliobaki ulikuwa wa kuita, kutafuta vifaa na kuvutana. La pili, usiku nne kati ya tano ugomvi ulianza kwenye kugawanya. Usiku wa tano ulianza kwenye insha. Kusoma na sayansi havikuleta shida hata mara moja. Mtoto wa namna hii hakatai kazi zote. Anakimbia mahali maalumu panapomshinda, na hilo linatibika kirahisi kuliko lile neno "uvivu".

Kama karatasi yako inaonyesha ugomvi unaanza kabla hata ya daftari kufunguliwa, tena kwa masomo yote, shida iko kwenye mwanzo: uchovu, njaa, au mchezo uliokatizwa ghafla. Kama unaanza kwenye swali fulani, shida iko kwenye uelewa. Nyumba nyingi zina vyote viwili, lakini ni vizuri kujua kipi ni kikubwa.

Pili, panga mwanzo

Saa ya kazi ipangwe mapema kadiri nyumba inavyoruhusu. Mtoto anayetoka shule anahitaji kula kidogo na kucheza, dakika 45 hadi saa moja, lakini akiachwa mpaka usiku kichwa kinakuwa kimeishiwa. Tena kuna usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kwa jumla ya saa 9 hadi 12 kila siku. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuamka, utaona kwamba kazi iliyoanza saa 1:30 usiku inakula usingizi, na mtoto aliyekosa usingizi hugombana haraka zaidi kesho yake.

Mama yule alihamisha kazi hadi saa 11:15 jioni. Pale ambapo mzazi hayupo saa hizo, saa ya baadaye inafaa mradi iwe ile ile kila siku. Uthabiti wa saa una kazi maalumu: unaondoa majadiliano. Kinachojadiliwa kila siku hugombaniwa kila siku.

Mpito kutoka mchezo kwenda daftari ndio sehemu laini zaidi. Usimtoe mtoto ghafla kwenye kioo cha simu au televisheni. Bora muda kati ya shule na kazi usiwe wa vioo kabisa, maana mchezo wa simu hauna mwisho wa asili na kila kuukatiza ni vita. Mwambie mara moja zikibaki dakika 10, kisha alamu ilie. Alamu ndiyo iite. Akichelewa, usiite kutoka chumba kingine. Mwendee, simama karibu naye, sema kwa sauti ya kawaida, "Saa imefika, twende," kisha tembea naye. Kuita mara tano kwa mbali humfundisha mtoto kwamba wito wa kwanza hadi wa nne si wa kweli.

Vifaa viwe kwenye boksi moja mezani: kalamu mbili, kifutio, rula, karatasi chakavu za kukokotolea. Maji yawe mezani. Choo ni kabla ya kukaa. Ni mambo madogo, lakini ndiyo milango ya kutorokea.

Kuhusu mahali, meza ya kulia inafaa kuliko chumba cha kulala kwa mtoto mdogo, kwa sababu upo karibu. Simu ya mtoto na yako zikae chumba kingine.

Tatu, panga mwisho, na mwisho uwe wa saa

Hapa wazazi wengi husita. Tumezoea kusema "hufungi mpaka umalize". Kwa mtoto aliyekwama, maneno hayo yana maana kwamba mateso hayana kikomo, na mtu asiyeona kikomo hutafuta mlango.

Kipimo kinachotumika sana ni dakika 10 kwa kila darasa: darasa la 1 dakika 10, darasa la 4 dakika 40. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyekusanya na kuchambua tafiti nyingi juu ya kazi za nyumbani, amekitetea kipimo hiki. Uchambuzi wake wa mwaka 2006 ulionyesha pia kwamba kwa watoto wa madarasa ya chini uhusiano kati ya wingi wa kazi za nyumbani na matokeo ya masomo ni dhaifu. Kwa maneno mengine, mtoto wa darasa la 4 anayesota kwa saa mbili hapati faida inayolipia vita ile.

Kabla ya kuanza, zungumza na mwalimu. Mweleze kwamba mtoto atafanya kazi kwa dakika 40 za kweli, na kitakachobaki kitarudi shuleni kikiwa na barua fupi. Walimu wengi hupokea vizuri, kwa sababu daftari lililojaa majibu ya mzazi humficha mtoto asiyeelewa. Barua iwe ya namna hii: "Mwalimu, amefanya kazi kwa dakika 40 bila kutajiwa majibu. Amekwama kwenye kugawanya kunakobakiza, swali la 4 na la 5. Anaomba kuelezwa tena." Aiandike mtoto mwenyewe kama anaweza.

Utauliza: si atakaa tu akitazama dari mpaka dakika 40 ziishe? Swali hili ni la haki, na majibu yake yasipopangwa mapema mpango wote utavunjika.

Muda ule unabaki kuwa wa masomo, aandike asiandike. Hakuna mchezo wala kioo ndani yake, na asipoandika barua kwa mwalimu itasema ukweli huo. Vilevile akimaliza mapema asiruhusiwe kukimbia nje, maana atajifunza kulipua. Dakika zilizobaki asome kitabu anachopenda au ajikumbushe jedwali la kuzidisha. Kulipua hakulipi, kuchelewa hakulipi. Na ukitokea ugomvi, saa ya kuhesabia inasimamishwa, inaendelea baada ya utulivu. Hivyo kilio hakipunguzi hata dakika moja.

Lakini mtoto lazima awe na mlango mmoja halali. Mpe kadi mbili ndogo kila jioni, kila moja ina thamani ya mapumziko ya dakika 3. Akiiweka mezani, anainuka, ananyoosha mwili, anarudi, bila kuulizwa sababu. Saa inasimama wakati huo pia. Kadi hizi zinampa kwa ustaarabu kile alichokuwa akikipata kwa kulia, yaani kupumua kidogo mbele ya swali gumu. Siku za mwanzo atazitumia zote mapema. Mwache. Baadaye wengi huanza kuziwekea akiba.

Nne, zungumza naye siku isiyo na kazi

Usiutangaze mpango huu katikati ya ugomvi. Chagua mchana wa mapumziko, na uanze kwa kuuliza. Mama yule alisema, "Mwanangu, sipendi tunavyogombana jioni. Wewe sehemu gani inakukera zaidi?" Binti alisema jambo ambalo mama hakulitarajia: "Ukisimama nyuma yangu, Mama, nasahau hata ninachokijua." Basi wakakubaliana mama akae upande wa pili wa meza. Mtoto achague pia yaliyo ndani ya uwezo wake: aanze na somo lipi, alamu iwe ya mlio gani, kadi zichorwe nini. Saa na urefu wa kazi ni vya mzazi, havipigiwi kura.

Tano, jifunze kusaidia kidogo

Dakika tano za kwanza kaa karibu. Mwambie akuonyeshe kazi zote za leo, achague ya kuanzia, na aanze na jepesi ili mkono uchangamke. Kisha shika kazi yako ya kimya: kusoma, kushona, hesabu za nyumba. Upo, lakini hutazami daftari.

Akisema "siwezi", usiruke kueleza. Mwambie kwanza akusomee swali kwa sauti. Mara nyingi tatizo linaishia hapo, kwa kuwa alikuwa hajalisoma hadi mwisho. Likibaki, mwombe akuonyeshe hatua ya mwisho anayoielewa. Kwenye 96 kugawanya kwa 7, binti alijua kwamba 7 inaingia katika 9 mara 1 na kubaki 2. Baada ya hapo alikwama, kwa sababu alisahau kuishusha 6. Hata alipoishusha na kupata 26, ilimbidi atafute jedwali la 7 kichwani, na katika kulitafuta akapoteza alikofika. Alikuwa na kizuizi kidogo kimoja na kingine nyuma yake, wala hakuwa mjinga wa kugawanya.

Sasa chukua karatasi nyingine na hesabu nyingine, si ile ya daftari. Mama aliandika 85 kugawanya kwa 6. 6 katika 8 mara 1, inabaki 2. Shusha 5, inakuwa 25. 6 katika 25 mara 4, ambayo ni 24, inabaki 1. Jibu ni 14 baki 1. Kisha akamwambia binti aandike pembeni 7, 14, 21, 28, 35 ili kichwa kisibebe vyote kwa pamoja, na akarudi kwenye kazi yake. Binti akapata 13 baki 5. Kalamu ya mtoto haikuguswa na mama hata mara moja.

Baada ya mfano mmoja, au miwili kwa wingi, kama bado hajaelewa, weka alama ya kuuliza pembeni na mwende swali jingine. Kufundisha upya ni kazi ya mwalimu. Hasa ikiwa wewe mwenyewe hesabu zinakutia hofu, saidia kwa uchache. Utafiti wa Erin Maloney, Sian Beilock na wenzao, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia watoto wa darasa la 1 na la 2. Watoto wa wazazi wenye hofu ya hesabu walijifunza hesabu kidogo zaidi katika mwaka ule, na hofu yao ikaongezeka, pale wazazi hao walipokuwa wakisaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Waliposaidia kwa nadra, athari hiyo haikuonekana. Hofu huambukizwa kwa sauti na uso, hata maneno yakiwa mazuri.

Ukisifu, sifu kitendo. "Umefuta ukarudia mwenyewe" humwambia cha kurudia kesho. "Una akili sana" humfanya aogope swali linaloweza kumwonyesha kwamba hana.

Sita, ugomvi ukizuka hata hivyo

Simamisha saa. Sema sentensi moja tu: "Naona umekasirika. Nipo hapa, tutaendelea ukitulia." Kisha nyamaza. Usihubiri, usitaje kaka yake, usitishie kufuta safari ya Jumamosi. Kila neno la ziada humpa jambo jipya la kubishania badala ya lile lililo mezani. Kama ni wewe unayechemka, inuka utoke kidogo. Akitulia, mrudishe kwenye jambo jepesi kuliko lile lililomtibua, na usidai aombe radhi kwanza. Mazungumzo ya heshima, kama yanahitajika, yafanyike baadaye daftari likiwa limefungwa.

Jiandae kwamba siku za mwanzo ugomvi unaweza kuzidi. Njia iliyokuwa ikimlipa mtoto ikiacha kulipa, hujaribu kwanza kuitumia kwa nguvu zaidi. Binti yetu jioni ya pili alitupa kalamu na kulia kuliko wakati wowote. Hapo ndipo mipango mingi hufa, kwa kuwa mzazi anadhani imeshindikana na kutaja jibu. Akilitaja siku hiyo, mtoto anajifunza kwamba kilio kikubwa zaidi ndicho kinachohitajika.

Endelea na karatasi yako ya kumbukumbu. Mafanikio hayaonekani kwanza kwenye alama za darasani. Yanaonekana kwenye dakika kati ya alamu na kalamu kugusa daftari, na kwenye muda wa ugomvi. Kwa binti yule, wiki ya tatu kugawanya kulikuwa hakuleti machozi tena. Insha iliendelea kumsumbua, wakaipangia njia yake: anasema kwa mdomo sentensi tatu, mama anaandika neno moja la kukumbushia kila sentensi, kisha binti anaziandika mwenyewe.

Pale ratiba isipotosha

Ukifuata haya kwa mwezi mmoja na karatasi ikabaki ile ile, chunguza zaidi. Mtoto anayeeleza vizuri kwa mdomo lakini anasoma kwa kukwama, anaruka maneno na kukisia, apimwe uwezo wa kusoma. Anayefinya macho, anayesogeza daftari karibu na uso au kulalamika kichwa, apimwe macho kwanza. Asiyeweza kutulia nyumbani na darasani pia, anayepoteza vitu na kuacha kila jambo njiani kwa miezi mingi, aonwe na daktari wa watoto au mtaalamu wa saikolojia. Maumivu ya tumbo kila asubuhi ya shule yanaweza kuwa hofu ya jambo linalotokea huko, na hilo halitibiwi kwa saa ya alamu. Tena kama watoto wengi wa darasa lile wanashindwa kumaliza, tatizo ni wingi wa kazi. Wazazi waende kwa mwalimu pamoja.

Kujiondoa taratibu

Jioni zikitulia kwa wiki mbili au tatu, punguza uwepo wako. Dakika tano za mwanzo ziwe mbili, kisha hamia kiti cha mbali, kisha chumba cha jirani mlango ukiwa wazi, ukipita kutazama kila baada ya dakika 10. Punguza jambo moja kwa wakati mmoja. Ugomvi ukirudi, rudi hatua moja nyuma, si mwanzo kabisa.

Likizo huvunja haya yote, na siku ya kwanza ya muhula ni mbaya kuanzia. Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, alamu ilie saa ile ile, mtoto akae meza ile ile kwa dakika 15 akisoma kitabu anachokitaka, na kadi zake mbili ziwe mezani.